Matairi ya Upepo na Matairi Magumu: Namna ya Kupima Wepesi wa Kiti cha Magurudumu

Watazamaji, karibuni. Katika video hii tutatumia ubao na futi ya utepe kupima nguvu inayopotea kwenye matairi ya kiti cha magurudumu, kwanza yakiwa na upepo kamili, kisha yakiwa yamelegea, na mwisho tutafunga matairi magumu, yaani yale yaliyojaa mpira mpaka ndani na yasiyo na tyubu.

Anza kwa kusoma maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi. Tairi hili la inchi 24 limeandikwa 75 PSI, ambayo ni sawa na takriban bar 5.2. Jaza upepo hadi kiwango hicho bila kukizidisha, ukitumia pampu yenye geji, wala usitegemee kidole gumba, kwa kuwa tairi lililopoteza theluthi ya upepo wake bado huhisika gumu likibonyezwa. Hakikisha matairi yote mawili yana upepo sawa, kwani lililolegea hukivuta kiti upande wake na kumlazimisha mwendeshaji asukume mkono mmoja zaidi ya mwingine.

Sasa tandika ubao mpana wa plaiwudi wenye urefu wa mita 2 kwenye sakafu ngumu iliyo bapa, uinue upande mmoja na uuegemeze chini ili usinepe. Tafuta mahali ambapo uso wa ubao umefikia kimo cha sentimita 10 kutoka sakafuni, uchore mstari hapo. Simamisha kiti ili mstari uwe chini ya mwenye kukaa, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, huku magurudumu madogo yakiwa yamenyooka. Msaidizi akiachilie bila kukisukuma na atembee kando yake, na mwenye kukaa atulie bila kuinama. Kiti kikisimama chenyewe, pima umbali kutoka kwenye ule mstari wa kuanzia hadi mahali palipo chini ya mwenye kukaa. Kisha hamishia ubao upande wa pili wa chumba na urudie kuelekea ulikotoka, kwa sababu hata sakafu inayoonekana bapa huwa na mwinamo kidogo. Wastani wa pande mbili huuondoa kwa sehemu kubwa.

Tuseme wastani ni mita 8. Gawanya kimo kwa umbali: mita 0.10 kwa mita 8 ni 1 kwa 80. Maana yake ni kwamba mtu huyu, hata akiwa kwenye sakafu bapa, anafanya kazi kama anayepanda mwinuko wa 1 kwa 80 bila kikomo. Ikiwa yeye na kiti wana kilo 90 kwa jumla, nguvu anayohitaji kudumisha mwendo ni sawa na ya kuning'iniza uzito wa kilo 1.1. Umbali ukishuka hadi mita 5, uzito huo unafika kilo 1.8. Hesabu hii inajumuisha pia magurudumu madogo na beringi, kwa hiyo usibadilishe kitu kingine chochote kati ya jaribio moja na jingine.

Punguza upepo hadi nusu, urudie. Kiti kitasimama mapema zaidi, kwa kuwa kila sehemu ya tairi inayogusa chini hubonyea kisha hujirudisha, na mpira haurudishi nguvu yote uliyopokea. Inayobaki hugeuka joto. Mwisho, funga matairi magumu, urudie tena. Katika tairi gumu la kawaida, mpira unaobonyea ni mwingi zaidi. Ndiyo maana majaribio yamewahi kuonyesha tairi la upepo lenye robo tu ya upepo wake likibiringika kwa wepesi kuliko tairi gumu, jambo ambalo wengi hawalitarajii.

Kuhusu starehe, sakafu laini haitakupa jibu. Hamia kwenye njia ya mawe au vigae vyenye mianya, ambako tairi gumu hupeleka kila mtikisiko kwenye fremu na mgongoni. Hapo hata tairi la upepo likijazwa mpaka juu huweza kukirusha kiti badala ya kumeza mtikisiko, na nguvu ya kuuinua mwili kila mara inapotea bure. Punguza PSI 10, upite tena njia hiyo hiyo, na usishuke chini ya kiwango cha chini kama kimeandikwa kwenye tairi. Kwa maoni yangu, tairi gumu linamfaa yule anayesukumwa na mtu mwingine ndani ya jengo, au asiye na mtu wa kumjazia upepo na kumzibia pancha.

Kabla ya kuondoka, kagua breki za kuegeshea. Breki hizi hubana uso wa tairi, na tairi likipungua upepo huziachia nafasi. Zifunge, kisha msaidizi asukume kiti wakati hakuna aliyekaa. Magurudumu yakizunguka, rudisha upepo kwanza, na yakiendelea kuzunguka, legeza boliti za breki na uzisogeze karibu na tairi.