Dakika arobaini na tano za kila jioni

Ndugu wazazi, walimu wa kwaya na vijana wetu wa hapa Dodoma, habari za jioni. Naomba tuanze na hesabu. Katika mtihani wa piano wa ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, unaofanywa mbele ya mtahini, alama ni 150. Vipande vitatu vina 30 kila kimoja, skeli 21, kusoma noti papo hapo 21, na majaribio ya sikio 18. Kufaulu ni 100.

Mchukueni mwanafunzi wa Gredi ya 5 anayemaliza jioni zake zote kwenye vipande. Apate 22 kwa kila kipande, ni 66. Sikio 12, maana amekulia kwaya. Skeli 11, kusoma 9. Jumla 98. Ameanguka, na vipande vyake vilikuwa vizuri! Angepata 14 kwenye kusoma, angefika 103.

Kinachotuponza ni hili: tumelelewa na do-re-mi. Mtoto akisikia kipande mara tatu ameshakishika kichwani, na macho yake yanahamia vidoleni. Ndiyo maana katika dakika 45 za mazoezi ya kila jioni mimi huanza na kusoma, dakika 8, kabla akili haijachoka. Apewe mistari michache asiyoijua, ya gredi mbili chini yake. Mtahini humpa nusu dakika ya kuangalia, basi na nyumbani iwe hivyo: aangalie shapu au flati, ahesabu mapigo, ajaribu sehemu ngumu. Akianza, hasimami. Akikosea noti aiache, mapigo yaendelee. Kesho apewe mistari mingine, kwani ya jana ameshaikariri.

Kisha skeli dakika 12, vipande 20, nadharia 5. Ila sehemu hizi zifungwe pamoja. Tuseme kipande cha wiki hii kiko E flati meja. Mkono wa kulia unaanza na kidole cha tatu kwenye E flati, gumba linaingia F, halafu C. Nimewaona wengi wakipitisha gumba kwenye A flati. Utasikia noti hiyo ikigongwa kwa nguvu kuliko jirani zake. Apige polepole, mkono mmoja mmoja, mpaka kishindo hicho kiishe. Halafu aende kwenye ule mstari wa kipande wenye noti zilezile, uliokuwa ukimkwamisha, na ataukuta umelainika. Kwenye nadharia aandike C maina, yenye flati zilezile tatu, na aone kwa nini B inarudishwa kuwa ya kawaida. Nadharia hii msiiahirishe: bila Gredi ya 5 ya nadharia, au mbadala wake unaokubaliwa, hawezi kufanya Gredi ya 6 ya kupiga.

Na umeme ukikatika, kinanda cha umeme kikanyamaza, zile dakika 5 za nadharia ziwe 25. Washeni taa ya simu, mtoto aandike skeli yake kwenye mistari mitano, aweke namba ya kidole juu ya kila noti, kisha aipige juu ya meza huku akiiimba.