Hati Safi Inasema Nini, na Haisemi Nini

Waheshimiwa madiwani, watendaji wa kata na ndugu zangu wananchi, asanteni kwa kunialika.

Kila mwaka, ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali, CAG, ikishafika bungeni mwezi Aprili, halmashauri zilizopata hati safi hupongezana. Mwananchi ambaye zahanati yake haina dawa hubaki akijiuliza: usafi gani huo? Swali lake ni la haki. Mkaguzi anapotoa hati inayoridhisha, ndiyo hiyo tunayoiita safi, anasema kwamba kwa maoni yake taarifa za fedha zinaonesha kwa usahihi, katika mambo yote ya msingi, hali ya fedha ya halmashauri ilivyokuwa tarehe 30 Juni na mapato na matumizi ya mwaka ule. Anazisemea taarifa zilizoandaliwa na mkurugenzi na mweka hazina wake. Hajasema kwamba fedha zilitumika kwa busara.

Tuseme halmashauri imejenga darasa kwa shilingi milioni 50, na majirani wamejenga la aina hiyohiyo kwa milioni 25. Mkataba upo, ankara ipo, hati ya malipo imesainiwa, na vitabu vinasomeka milioni 50. Hesabu hazijadanganya: fedha hizo zilitoka kweli, na zimeandikwa mahali pake. Bei hiyo mkaguzi anaweza kuiandikia hoja, na akiona dalili za hujuma atapendekeza ukaguzi maalumu, lakini hati inaweza kubaki safi. Kupima kama fedha ilileta thamani yake ni kazi ya ukaguzi mwingine, ule wa ufanisi.

Sasa turudi kwenye maneno yale, "katika mambo yote ya msingi", kwa sababu hapo ndipo wengi tunapopotea. Kabla ya kuanza kazi, mkaguzi hupanga kiwango ambacho kosa likikivuka linaweza kumpotosha msomaji wa hesabu. Kwa halmashauri inayotumia bilioni 40 kwa mwaka, akichagua asilimia 1 ya matumizi, kiwango chake ni milioni 400. Malipo ya milioni 60 yakikosa stakabadhi, ataandika hoja na kutaka majibu, lakini peke yake huenda yasibadilishe hati. Kwa kata moja hizo ni fedha nyingi mno, na mimi naona wananchi wana haki ya kukasirika. Hata hivyo, kiasi si kipimo pekee. Fedha ndogo iliyochukuliwa na kiongozi wa juu inaweza kuhesabiwa kuwa jambo la msingi, kwa kuwa inatia shaka kila anachokisema.

Halafu, mkaguzi hapitii kila karatasi. Anachagua sampuli, akielekeza nguvu palipo na hatari kubwa zaidi. Ndiyo maana uhakika anaoutoa ni wa juu lakini si kamili. Wizi wa kushirikiana ndio mgumu kugundua kuliko wote. Ofisa manunuzi, mtunza stoo na mzabuni wakikubaliana, hati ya kuagiza mali, yaani LPO, hati ya kupokelea mali na ankara vitalingana neno kwa neno, na saruji haikufika. Mkaguzi anayeishia ofisini hataona kitu. Anayekwenda eneo la ujenzi anaweza kuona, iwapo eneo hilo limeangukia kwenye sampuli yake. Wajibu wa kwanza wa kuzuia wizi ni wa menejimenti na wanaoisimamia, na ninyi madiwani mmo.

Nairobi walilijua hili kwa uchungu. Imperial Bank ilikuwa na hesabu zilizokaguliwa mwaka baada ya mwaka. Mkurugenzi wake mkuu alifariki Septemba 2015, ndipo ulaghai wa mabilioni uliofichwa kwa miaka mingi ukajitokeza, na tarehe 13 Oktoba Benki Kuu ya Kenya ikaifunga. Wenye amana walijifunza kwamba hesabu zilizokaguliwa si dhamana ya akiba.

Upande wa pili nao unahitaji uangalifu. Hati yenye shaka maana yake hesabu ziko sawa isipokuwa katika eneo ambalo mkaguzi amelitaja. Labda nyaraka hazikupatikana, labda mali haikuthaminiwa. Si hukumu ya wizi. Mambo ni mazito zaidi makosa yanapoenea katika hesabu nzima, au nyaraka zinapokosekana kiasi kwamba mkaguzi anashindwa kutoa maoni.

Kwa hiyo ripoti ikifika mezani, msiishie ukurasa wa hati. Someni sababu za maoni, kisha mfungue sehemu ya hoja na ile inayoonesha utekelezaji wa mapendekezo ya miaka iliyopita. Hoja ileile ya mapato yaliyokusanywa kwa mashine za POS bila kupelekwa benki, ikirudi mwaka wa 3 mfululizo na jibu la menejimenti likawa "linafanyiwa kazi", mwiteni mkurugenzi aje na taarifa ya benki na orodha ya mashine, kata kwa kata, nanyi mlinganishe wenyewe.