Usijaze fomu kabla hujamjua mtumaji

(Mhadhara kwa mafundi wa TEHAMA, Dar es Salaam, umeandikwa kama ulivyotolewa)

Ndugu zangu, walionisikia mwaka jana wanajua nitasema nini, na nitasema tena, maana majuzi nimepigiwa simu ile ile. "Kaka, barua pepe zetu zinarudi. Tumejaza fomu ya kujitoa kwenye orodha ya watuma barua taka mara tatu, wanatutoa, kesho yake tumo." Niliposikia mara tatu nikaacha chai yangu hapo hapo. Fomu ni hatua ya mwisho. Nyinyi mnaanza nayo kwa sababu ndiyo yenye kitufe.

Ofisi yenyewe ni ya wakala wa forodha hapa mjini, watu kumi na wawili. Wana seva yao ya barua pepe, Postfix, ipo chumba cha nyuma chini ya kiyoyozi kinachovuja. Dada wa nyaraka anatuma hati za kontena kwa mteja, zinarudi. Hati zikichelewa kontena linakaa bandarini, na linapokaa linalipiwa. Kwa hiyo bosi alikuwa ameshapandisha sauti kabla sijafika.

Nikamwomba yule dada anionyeshe barua iliyorudi. Asinisimulie, anionyeshe. Mmeshazoea kuniambia "inasema imekataliwa". Imekataliwa na nani, kwa neno gani? Ilikuwa hivi, anwani tu ndiyo nimebadilisha nikaweka ya mfano:

```
554 5.7.1 Service unavailable; Client host [203.0.113.25]
blocked using zen.spamhaus.org
```

Mstari huo una karibu kila kitu. Una anwani inayolalamikiwa, na una jina la orodha iliyoiandika, hapa ni ya Spamhaus. Sasa unaiuliza orodha yenyewe. Unaipindua anwani, namba ya mwisho iwe ya kwanza, unabandika jina la orodha mwishoni, kisha unauliza DNS kama unavyouliza jina lolote:

```
host 25.113.0.203.zen.spamhaus.org
25.113.0.203.zen.spamhaus.org has address 127.0.0.4
```

Kama haumo, utajibiwa kwamba jina hilo halipo, NXDOMAIN, na hiyo ndiyo habari njema. Ukipata jibu, angalia namba ya mwisho. 2 maana yake mtu amekaa akachunguza, akaona anwani yako inahusika na barua taka. 3 ni mashine iliyoona tabia mbaya ya utumaji. 10 na 11 maana yake anwani ni ya aina ambayo haitarajiwi kutuma barua moja kwa moja, kama zile za intaneti ya nyumbani. Na 4, hii yetu, maana yake kuna kifaa nyuma ya anwani hiyo kilichoingiliwa.

Nyuma ya anwani. Sikusema kwenye seva. Shikeni hapo, nitarudi.

Kabla sijaendelea, kuna mtu atauliza kwa kupitia 8.8.8.8 kama kawaida yake, apate 127.255.255.254, kisha anipigie usiku kuwa amefungiwa. Hujafungiwa. Hilo ni jibu la kukwambia kwamba umeuliza kupitia DNS ya watu wote na hawajibu huko. Uliza kupitia DNS yako mwenyewe. Na kuna ambao seva zao zinalichukua jibu hilo kama hukumu, zinakataa barua za dunia nzima, halafu wanalaumu wateja.

Tuendelee. Fundi wao, kijana mzuri tu, alikuwa amefanya kazi kweli. Amepitia kumbukumbu za seva za siku tatu. Foleni ni tupu. Hakuna akaunti iliyotuma kupita kiasi. Amebadilisha nywila za wote, amepiga antivirusi kompyuta zote kumi, hakuna kitu. Akahitimisha kwamba wanaonewa. Bosi naye akaongeza: hawa wazungu hawapendi barua kutoka Afrika.

Nawajibu wote wawili kwa pamoja. Orodha haimzuii mtu. Ni daftari tu. Anayekukataa ni seva ya mteja wako, kwa sababu mwenyewe ameamua kulisoma daftari hilo kabla ya kufungua mlango. Na daftari halijui kama una seva, halijui kama una kompyuta kumi. Linaona anwani moja ya nje. Kwenye ofisi ile, seva, kompyuta, simu za wafanyakazi, waifai ya wageni, vyote vilikuwa vinatoka na 203.0.113.25. Kimoja kikichafua, kimechafua kwa niaba ya wote. Ndiyo maana kumbukumbu za seva zilikuwa safi: barua taka hazikupita kwenye seva! Kifaa kilichoingiliwa hakiombi ruhusa ya Postfix yako. Kinafungua poti 25 chenyewe kwenda nje. Utapekua seva mpaka Krismasi.

Basi pa kuangalia ni kwenye ruta, ndipo wote wanapopita. Pale ilikuwa MikroTik, kama ofisi nyingi za hapa. Niliweka sheria moja, juu kabisa ya nyingine:

```
/ip firewall filter add chain=forward protocol=tcp \
 dst-port=25 src-address=!192.168.88.10 dst-address=!192.168.88.0/24 \
 action=drop log=yes log-prefix="P25" place-before=0
```

Kwa Kiswahili: yeyote asiye seva, yaani asiye 192.168.88.10, akitaka kwenda poti 25 nje, mzuie na muandike jina. Bosi akaniuliza, sasa wafanyakazi watatumaje? Watatuma kama kawaida. Programu zao zinaongea na seva kwa poti 587 au 465. Poti 25 ni ya seva kwa seva. Kompyuta ya mhasibu haina shughuli huko, simu ya mgeni haina shughuli huko. Sheria hii ingekuwapo tangu siku ya kwanza, hizo barua taka zisingetoka, na mimi ningemaliza chai yangu.

Mchana kutwa kumbukumbu ilikaa kimya. Fundi akaanza kunitazama kwa jicho lile. Nikamwambia tulale. Asubuhi tukafungua: kuanzia saa nane na dakika chache usiku, mistari mia kadhaa, yote kutoka 192.168.88.47. Ofisi imefungwa, taa zimezimwa, kuna mlinzi tu. Nani huyo .47?

```
/ip dhcp-server lease print
```

Jina lililotokea lilianza na android. Tukakusanya simu zote, hakuna yenye anwani ile. Ikabidi tuanze kuchomoa vifaa kimoja kimoja huku mtu anatazama kwenye ruta. Tulipofika sebule ya wageni, nyuma ya runinga, kuna kiboksi cheusi hakina hata nembo, kile cha Android cha kuonyeshea mpira bila kulipia. Kuchomoa, .47 ikapotea.

Bosi alikataa. "Hicho hakina hata imeli!" Kweli hakina. Lakini ni kompyuta kamili, na vingine vya bei hiyo vinakuja na programu mbaya tangu viwandani, inayowapangishia watu wa mbali njia ya intaneti yako. Mtu yuko asikojulikana, anatuma uchafu wake, unatokea kwa jina la wakala wa forodha wa Dar es Salaam. Antivirusi ya kompyuta ingekionaje? Hakuna aliyekihesabu kuwa ni kompyuta. Kila ninapotaja jambo hili watu huniambia ofisi yao haina kiboksi. Haya, una kamera? Una mashine ya kusajili mahudhurio kwa kidole? Umezihesabu?

Na niseme ukomo wa sheria ile ya ruta. Inazuia poti 25 peke yake. Kifaa kilichoingiliwa kinaweza kukuingiza kwenye orodha kwa mawasiliano mengine, bila kutuma barua hata moja. Kwa hiyo kuzuia hakutoshi, kitafute ukitoe. Sisi tulikichomoa, tukasubiri siku mbili tukitazama kumbukumbu. Kimya.

Hapo ndipo tukafungua check.spamhaus.org, tukaweka anwani, tukasoma sababu waliyoandika, tukaomba. Ni bure. Mtu akikudai hela akutoe Spamhaus, ni tapeli. Kwenye maelezo usiandike "tafadhali tutoeni, biashara inaumia". Andika ulichokuta na ulichofanya: kifaa kimoja kwenye mtandao wa ndani kilikuwa kinatuma kupitia poti 25, kimeondolewa, poti 25 sasa ni ya seva tu. Na ukijitoa mara nyingi bila kutibu unajichongea, maana kitufe cha kujihudumia kinaweza kukataa. Kwa wale waliojaza mara tatu, tulikuwa na bahati kimekubali mara ya nne.

Mnasema tungebadilisha tu anwani? Kiboksi kingeichafua mpya usiku ule ule. Ila kuna namna nzuri ya kutumia anwani nyingine. Wengi wenu mtoa huduma amewapa kipande chenye anwani tano za kutumia, na nne zimelala. Seva ipe yake peke yake, wageni na simu watoke kwa nyingine. Ruta inafanya hilo kwa mistari miwili. Tulifanya hivyo kabla sijaondoka.

Naambiwa muda umekwisha. Basi haraka haraka. Aliyepata 2, ombi linapelekwa na mtoa huduma wake wa intaneti, siyo yeye. Aliyepata 10 au 11 na ana seva halali yenye anwani ya kudumu, anaweza kuomba anwani hiyo iondolewe. Jina la kinyume la anwani, PTR, anaweka mtoa huduma wa intaneti, siyo aliyekuuzia kikoa, msizungushane. Kwenye orodha ya SpamCop anwani hujifuta yenyewe saa 24 baada ya malalamiko ya mwisho, msihangaike na fomu. Na la seva kujitambulisha kama localhost nitalisema siku nyingine, ingawa linastahili saa nzima.

Swali? Ndiyo, dada pale nyuma. Anauliza: baada ya kutolewa, zile barua zilizorudi zitaenda zenyewe? Hapana, na asante, nilikuwa nasahau. Jibu likianza na 5 barua imekufa, haipo kwenye foleni, `postqueue -f` haitaifufua. Linaloanza na 4 ndilo linalosubiri kujaribiwa tena. Anwani ya ofisi ile ilitolewa kwenye orodha saa nne asubuhi, na mpaka jioni yule dada wa nyaraka alikuwa bado anazituma upya moja moja, kuanzia za kontena.