Ulinganifu peke yake hautoshi: entropia na mgawanyo sawa

(Mhadhara uliotolewa Mjini Unguja mbele ya walimu wa hisabati na wanafunzi wao)

Assalamu alaykum. Fomula ya entropia mnaijua, kwa hiyo naiandika ubaoni mara moja tu, na pᵢ ni uwezekano wa tukio la i:

H(p) = −Σ pᵢ log₂ pᵢ

Claude Shannon aliitoa mwaka 1948 akitafuta kipimo cha kutojua: kabla habari haijafika, tunakosa kiasi gani? Kipimo chake ni biti. Nikiuliza H inakuwa kubwa kabisa lini, nyote mtajibu kwa pamoja kwamba, seti ya matukio ikiwa na ukomo, ni pale matukio yote n yanapokuwa na uwezekano sawa, 1/n kila moja, na hapo H ni log₂ n. Jibu ni sahihi. Ninalogombana nalo, na walionisikia kabla ya leo wanajua, ni jibu la swali linalofuata: kwa nini?

Tuwe na mfano mmoja mkononi. Umesimama kituoni, daladala inakuja, na njia ni nne tu: Amani, Fuoni, Bububu na Mwanakwerekwe. Namba hizi nazitunga ili hesabu iwe nyepesi. Nusu ya gari ni za Amani, robo ni za Fuoni, na zilizobaki zinagawana sawa, thumni kwa thumni. Wewe huioni gari, mwenzako anaiona, na unaruhusiwa kumuuliza maswali ya ndiyo au siyo tu. Utaanza na ipi? Amani, bila shaka. Nusu ya nyakati unamaliza kwa swali moja. La sivyo unauliza Fuoni, na ikiwa siyo, swali la tatu linakata shauri. Wastani wa maswali ni ½×1 + ¼×2 + ⅛×3 + ⅛×3, yaani 1.75. Hiyo ndiyo H ya mgawanyo huu, na hakuna ujanja wa kuuliza utakaoshusha wastani chini yake. Sasa fanya njia zote nne ziwe robo robo. Huna tena pa kuanzia penye faida. Unazigawa mbili mbili, kisha moja moja: maswali mawili kila mara. H = 2.

Basi kwa nini 2 ndiyo kubwa kuliko zote? Katika karatasi za mtihani nimesoma sentensi ile ile, miaka nenda miaka rudi: "Kwa ulinganifu, jibu ni mgawanyo sawa." Kijana mmoja aliandika hivyo, nikamkata alama, akanifuata ofisini. Akaniambia: "Mwalimu, fomula haiipendelei njia yoyote. Ukibadilisha majina ya njia, H haibadiliki. Kwa hiyo mshindi naye hawezi kupendelea njia yoyote." Alikuwa na heshima na alikuwa na uhakika. Sikumjibu kwa maneno. Nilimpa fomula nyingine, nikamwambia akae pale pale aifanyie hoja ile ile:

S(p) = Σ pᵢ²

Nayo haipendelei njia yoyote. Badilisha majina, S ni ile ile. Haya, weka namba. Robo nne zinatoa 0.25. Mgawanyo wetu wa kwanza unatoa ¼ + 1/16 + 1/64 + 1/64, karibu 0.34. Na ikiwa kila gari inayokuja ni ya Amani, S ni 1. Mgawanyo sawa hapa ndio wa chini kuliko yote! Ulinganifu ni ule ule, neno kwa neno, na mshindi amegeuka kuwa wa mwisho. Tena tazameni washindi wa S: wako wanne, kila njia na wake, na kila mmoja anapendelea njia yake waziwazi. Ulinganifu unachotuambia ni kwamba ukimpata mshindi anayepinda upande mmoja, utawapata na wenzake wanaopinda pande nyingine. Haukatazi kupinda. Kijana alikaa kimya, kisha akauliza swali ambalo ndilo nililokuwa nalisubiri: "Sasa H ina nini ambacho S haina?"

Hapo ndipo somo linapoanza, ndugu zangu, na hapo ndipo vitabu vingi vya skuli vinapofunga mlango.

Najua mtu wa nyuma ataniambia: "H imebinuka juu." Ahsante, hiyo ndiyo tofauti, lakini itamke mtihanini! Maana yake ni kwamba ukichanganya migawanyo kadhaa kwa kupata wastani wake, entropia ya mchanganyiko haipungui wastani wa entropia zao. Chukua ½, ¼, ⅛, ⅛ na uzipange kwa kila namna inayowezekana. Kila mpango una entropia ile ile ya 1.75. Wastani wa mipango yote ni robo nne. Kwa hiyo H ya robo nne haiwezi kuwa chini ya 1.75. Hapa ulinganifu umefanya kazi, lakini umebebwa na ule mbinuko. S imebinuka chini, ndiyo maana kwake mambo yakageuka.

Njia fupi zaidi, ninayotaka muondoke nayo, inahitaji kitu kimoja: ln x ≤ x − 1 kwa kila x chanya, na usawa unapatikana x ikiwa 1 tu. Chora grafu ya ln na mstari x − 1, utaona mstari unaigusa mahali pamoja na kubaki juu kwingine kote. Tumieni ln badala ya log₂, kinachobadilika ni kipimo tu. Kisha weka x = 1/(n pᵢ):

H − ln n = Σ pᵢ ln(1/(n pᵢ)) ≤ Σ (1/n − pᵢ) = 1 − 1 = 0

Imekwisha. Na usawa unadai 1/(n pᵢ) iwe 1 kwa kila i, yaani kila pᵢ ni 1/n. Mshindi ni mmoja tu, hana pacha.

Kuna mtego: pᵢ ikiwa sifuri huwezi kugawa kwayo. Basi jumlisha zile zisizo sifuri tu, tuseme ziko k. Upande wa kulia unakuwa k/n − 1, ambao uko chini ya sifuri k ikiwa ndogo kuliko n. Hoja inasimama. Njia ya Lagrange, mnayoipenda sana, inakwama hapa hapa: inakuonyesha mahali ambapo H imetulia katikati, lakini kingoni, ambako pᵢ ni sifuri, haifiki, na lazima uende ukakague mwenyewe.

Muda umenibana, nilitaka kusema zaidi juu ya neno "ukomo". Seti ikiwa haina ukomo, kama namba 1, 2, 3 na kuendelea, mgawanyo sawa haupo kabisa: ipe kila moja sifuri, jumla ni sifuri, ipe chochote zaidi ya hapo, jumla inapasuka. Na H haina dari, kwa sababu mgawanyo sawa juu ya namba n za mwanzo una log₂ n, na n unaipandisha utakavyo. Ukifunga wastani kwenye thamani moja iliyo juu ya 1, mshindi anarudi, lakini siye yule wa mgawanyo sawa. Ni mgawanyo ambao kila uwezekano ni ule uliotangulia mara kigawe kimoja kisichobadilika, na uthibitisho wake unatumia ln x ≤ x − 1 hiyo hiyo. Jaribuni wenyewe. Haya, maswali.