Mauzo Yalishuka Kijana Akafukuzwa: Hatari Tatu za Chenji, Mhadhara wa Kigoma Mjini

Shikamooni wazee, na nyie wengine habari za mchana. Nimeona wengi hapa ni watu wa Mwanga na Kibirizi, mnauza ng'ambo kila wiki, kwahiyo sina haja ya kuwaeleza dola ni nini wala faranga ni nini. Naenda moja kwa moja kwenye kitu ambacho nimekisema mara nyingi na bado watu wanakikosea, kwamba mtu akisikia hatari ya fedha za kigeni anafikiria ankara ya dola tu. Ananiambia mwalimu mimi sina shida hiyo, nauza kwa shilingi, mteja ananiletea shilingi mkononi. Sasa huyo ndo nataka kuongea naye leo, maana hatari za chenji ziko tatu, ya kiuchumi, ya muamala na ya tafsiri, na yeye yuko kwenye ile ya kiuchumi.

Kuna kiwanda cha sabuni, sikitaji jina, kiko huku huku kwetu, kinapika sabuni ya mawese. Mimi nilikuwa naangalia vitabu vyao. Namba nazizungusha ili zikae kichwani. Katoni moja ya sabuni wanaiuza shilingi 30,000, ikitoka kila gharama ya kuipika inabaki 5,000. Wateja wa Burundi, wale wanaopita Manyovu na wale wa maboti, walikuwa wanachukua katoni 2,000 kwa mwezi. Wanalipa shilingi, taslimu, hakuna mkopo. Ndani ya mwaka mmoja na nusu hivi zikashuka mpaka 1,400. Kidogo kidogo, mwezi huu hamsini, mwezi ujao thelathini. Mwanzoni mwa 2023 bosi akachoka, akamwita kijana wa mauzo, akamwambia umelala, akamtoa kazini.

Na mimi nilikuwepo. Kwenye taarifa ya mapato niliyoiandaa mwenyewe palikuwa na mstari unaitwa hasara ya kubadilisha fedha, na pale palikuwa na sifuri. Sifuri kabisa! Bosi aliutazama ule mstari akaona chenji haihusiki, basi mkosaji ni mtu. Hilo linaniuma mpaka leo, ndo maana sichoki kulisema.

Tuangalie nini kilitokea. Mteja wa Makamba hana shilingi nyumbani kwake, ana faranga. Anakuja nazo, anazibadilisha kwa vijana wa chenji, ndo anapata shilingi za kukulipa. Wakati biashara iko vizuri, faranga 100 zilikuwa zinampa shilingi 75. Baadaye zikawa zinampa 60. Sabuni yako haijapanda hata senti, bado 30,000, lakini kwake yeye ilikuwa faranga 40,000 na sasa ni faranga 50,000. Wewe unaona bei imesimama, yeye anaona imepanda robo nzima.

Najua kuna mtu atasema lakini mwalimu kule Burundi kila kitu kilipanda, kwahiyo sabuni kupanda na yenyewe ni kawaida tu. Swali zuri sana hilo, na hapa ndo penyewe. Kama kila kitu kingepanda sawasawa na yule mshindani wako naye angepanda sawasawa, usingepoteza mteja. Kushuka kwa faranga peke yake hakukuumizi, kinachokuumiza ni bei yako kuachana na bei ya mwenzako. Sasa mwenzako ni nani? Ni mpika sabuni wa upande wa Rumonge, na Rumonge mnaijua, ni kwenye michikichi. Mawese yake ananunua kwa faranga, vibarua analipa kwa faranga, kinachompanda sana ni kostiki tu, ile dawa ya kupikia sabuni, kwasababu inatoka nje kwa dola. Kwahiyo yeye alitoka faranga 38,000 akafika 43,000. Mwanzo mlikuwa mmepishana faranga 2,000, mteja alikuwa anavumilia kwasababu sabuni yenu ni ngumu haiishi haraka. Mkapishana 7,000. Hapo hata awe shemeji yako atahama. Angekuwa mwenzako naye kafika 48,000, pengo lingebaki lile lile 2,000 na katoni zako 2,000 zingebaki.

Hiyo ndo hatari ya kiuchumi. Haina ankara, haina tarehe ya kulipa, haina mstari kwenye vitabu, inakuja imevaa nguo ya mauzo kushuka. Katoni 600 mara 5,000 ni milioni 3 kila mwezi, milioni 36 kwa mwaka, na mwaka unaofuata tena.

Bosi alikuwa anasema kijana angeshusha bei angewarudisha. Haya tupige hesabu, mimi niliipiga nimechelewa. Ili pengo lirudi faranga 2,000 ilibidi katoni iuzwe faranga 45,000, ambazo kwa chenji ya 60 ni shilingi 27,000. Faida ya katoni inatoka 5,000 inabaki 2,000. Tuseme wateja wote wakarudi, katoni 2,000 mara 2,000 ni milioni 4. Akikaa na bei yake na katoni 1,400, ni milioni 7. Mwanzo ilikuwa milioni 10. Yani yule kijana aliyegoma kushusha bei ndo aliyekuwa anapunguza hasara, na ndo aliyefukuzwa.

Na kulikuwa na njia ya kujua. Kiwanda hicho hicho kilikuwa kinauza Kalemie, kijana yule yule, sabuni ile ile, bei ile ile. Katoni za Kongo hazikushuka, kwasababu mfanyabiashara wa kule anashika dola, faranga ya Burundi haimhusu. Kijana angekuwa amelala angelala pande zote mbili. Lakini daftari la mauzo liliandika jumla tu, halikuandika mzigo unaenda wapi, mimi nikaja kuchambua risiti moja moja baadaye kabisa. Kwahiyo fanyeni hivi, kila Jumatatu andika vitu vitatu kwenye ukurasa mmoja: chenji ya mtaani sio ya benki, bei ya mshindani kule kwake, na katoni zilizotoka kwa kila soko. Ukifika miezi ishirini na nne weka chenji na katoni pamoja, usitegemee zishuke siku moja maana mteja huwa anamaliza kwanza mzigo alionao, angalia mwezi mmoja mpaka mitatu baada ya chenji kusogea. Soko moja likishuka kila chenji yake inaposhuka na jingine limetulia, jibu unalo.

Sasa hatari ya muamala, ile ya ankara ya dola, hii naipitia haraka maana mnaijua. Baadaye kiwanda kiliagiza kostiki ya dola 20,000, kulipa baada ya siku 90. Siku ya kuandika ankara dola ilikuwa 2,350, ni milioni 47. Siku ya kulipa dola ni 2,450, ni milioni 49. Milioni 2 zimetoka, hela ya kweli, ina mstari wake kwenye vitabu. Dawa ipo, unakwenda benki na ankara yako mnakubaliana leo bei ya dola ya siku ile, au unatumia dola ulizopata Kalemie. Ila angalia hapa: shilingi ikishuka ankara inakuuma, lakini mteja wa Kalemie mwenye dola zake anaona sabuni yako imekuwa rahisi, anaongeza. Vinavutana. Ukiifungia ankara yote bei ya dola benki bila kuangalia upande wa mauzo, unaweza ukawa umejiondolea kile kilichokuwa kinakusawazishia. Na usiende benki kuomba wakukinge na ile ya kiuchumi, watakuuliza ankara iko wapi, kiasi gani, tarehe gani, na wewe huna hata kimoja.

Muda naambiwa unaisha, naingia ya tafsiri. Kiwanda kina kampuni tanzu Bujumbura, inajitegemea, inauza kwa faranga, inaajiri kule. Mali zake ukitoa madeni ni faranga milioni 200. Mwisho wa mwaka lazima uzigeuze ziwe shilingi uunganishe vitabu. Mei 2023 benki kuu ya Burundi iliishusha faranga kwa mara moja, dola rasmi ikatoka faranga elfu mbili na kidogo ikaenda elfu mbili na mia nane. Kwa chenji rasmi faranga 100 zilikuwa kama shilingi 110, zikawa kama 82. Milioni 220 kwenye vitabu zikawa milioni 164. Milioni 56 zimeyeyuka, na hakuna aliyelipa mtu hata shilingi, godauni lipo, sabuni ipo. Ndo maana IAS 21, kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa fedha za kigeni, inasema tofauti hiyo haiingii kwenye faida au hasara ya mwaka, inakaa pembeni kwenye mtaji mpaka siku ukiuza ile kampuni.

Bosi ndo akashtuka! Akaitisha kikao, faranga imetuua. Mzee, faranga ilikuwa imeshakuua mwaka mzima uliopita kule Kibirizi kwenye chenji ya mtaani, wateja walikuwa wameshaondoka, Mei vitabu vimekuja tu kuzika. Hatari ya kiuchumi ilifuata chenji ya mtaani, ya tafsiri ilifuata chenji ya serikali, na kati yao ilipita miezi mingi. Anayesubiri vitabu vimwambie atafukuza watu wawili watatu kabla.

Nilitaka niongee pia chenji zikiwa mbili unatumia ipi kwenye vitabu, IAS 21 imeongezewa maelekezo kuhusu fedha isiyobadilishika kirahisi yameanza 1 Januari 2025, sitafika, mtu aniulize nje. Moja tu kwa wahasibu: kama tanzu ya Bujumbura inadaiwa na makao makuu shilingi, tuseme milioni 100 za mzigo wa sabuni, msiiweke kwenye kapu la tafsiri kwa kuwa ni deni la ndani. Deni lenyewe mtalifuta mkiunganisha vitabu, sawa, lakini hasara ya chenji aliyopata yule wa Bujumbura haifutiki, ni ya muamala, inaingia kwenye faida na hasara. Isipokuwa deni ambalo hamna mpango wa kudaiana hata miaka ijayo, hilo huhesabiwa kama mtaji uliowekwa kule. Mzigo wa sabuni wa siku 60 sio mtaji. Nimeshakuta umeandikwa hivyo mara mbili, na mara zote mbili faida iliyotangazwa haikuwepo.