Vumbi la juu na siri ya ndani: kutazama kwa lupu ya mara kumi
(Mazungumzo na wauza vito na mafundi saa, Kampala)

Asalaam aleikum, na habari za mchana kwenu nyote. Walioko nyuma sogeeni mbele, maana nitakachoonyesha ni kidogo kuliko punje ya mtama.

Hili jiwe jekundu mkononi mwangu lilinigharimu shilingi laki nane. Siliuzi, na mkisikia habari zake mtajua kwa nini. Aliyeniuzia alisema ni yakuti kutoka Msumbiji. Nikatoa lupu yangu kwa mbwembwe, nikalitazama, nikaona vidoa. Nikafurahi! Nilikuwa nimesikia kwamba jiwe la kiwandani ni safi na la ardhini lina uchafu ndani, basi nilipoona uchafu nikahesabu pesa. Jioni nikampelekea mzee mmoja fundi saa. Hakushika hata lupu kwanza. Alilifuta kwa kitambaa, akanirudishia, akasema, "Haya, tazama tena mwanangu." Nusu ya vidoa vilikuwa vimebaki kwenye kitambaa.

Kwa hiyo tuanze pale nilipokosea. Jiwe lifutwe vizuri kabla ya yote, kisha lishikwe kwa kibano pale kwenye kiuno chake, si kwa vidole, kwa sababu mafuta ya ngozi hurudi mara moja. Na lupu nayo ifutwe. Mara nyingi kidoa unachokiona kimo kwenye kioo chako mwenyewe. Kukijua ni rahisi: zungusha jiwe, na kama kidoa hakizunguki nalo, si cha jiwe.

Sasa namna ya kushika. Wengi wetu huweka jiwe mezani, tukashika lupu juu yake kwa mkono ulionyooka, tukainama kama tunasoma gazeti. Hivyo utaona kiduara kidogo kinachotikisika. Fikiria tundu la ufunguo. Ukisimama mbali nalo unaona kipande cha ukuta tu, ukibandika jicho unaona chumba kizima na waliomo. Lupu ni hivyohivyo. Ibandike karibu kabisa na jicho, mkono ulioishika uguse shavu. Halafu leta jiwe kwenye lupu, usipeleke lupu kwenye jiwe. Mkono wenye kibano uguse mkono wenye lupu, na viwiko vyote viwili vikae mezani. Hapo kichwa, lupu na jiwe vinakuwa kitu kimoja, hata ukipumua havipishani. Jicho la pili liache wazi. Mwanzoni litakusumbua, baada ya siku chache litasahau, na hutaumwa kichwa.

Jiwe likae umbali gani? Hesabu yake ni nyepesi. Jicho la kawaida huchukuliwa kuwa linaona vizuri kitu kilicho sentimita 25 mbele yake. Gawa kwa 10, unapata sentimita 2.5, na hapo ndipo jiwe litakapoonekana kali. Ukijikuta uko kwenye sentimita tano au sita huku picha ni safi, basi umeuziwa lupu ya mara nne au tano, hata kama imeandikwa 10x au 30x ubavuni. Mnazijua hizo za bei ya chapati. Lupu njema ina vioo vitatu vilivyogandishwa pamoja, ili mistari isipinde pembeni na rangi zisitawanyike. Ijaribu juu ya karatasi ya miraba kabla ya kulipa. Mistari ikijipinda ukingoni, au ikitoa ukungu wa buluu na chungwa, irudishe.

Mtu ataniuliza, kwa nini nisinunue ya mara 20? Kwa sababu itakubidi ukae nusu ya umbali huo, pua yako izibe taa, na tabaka unaloliona liwe jembamba zaidi. Isitoshe, wauza almasi wanaposema jiwe halina doa, maana yake halina doa kwa mara 10.

Nimesema tabaka, na hapa ndipo penye kazi. Lupu haionyeshi jiwe zima kwa pamoja. Inaonyesha tabaka moja jembamba ambalo halifiki unene wa sarafu, na kila kilicho juu au chini yake ni ukungu. Huo si ubovu, huo ndio msaada wenyewe. Anza na uso wa juu mpaka kingo za mchongo ziwe kali kama wembe. Kidoa kilicho kikali pamoja na kingo hizo kiko juu ya jiwe. Inamisha jiwe kidogo hadi uso ung'ae kama kioo cha kujitazamia, na vumbi utaliona limekaa juu ya ule mng'ao. Baada ya hapo sogeza jiwe polepole kuelekea kwenye lupu. Kingo zinafifia, na yaliyomo ndani yanaanza kujitokeza moja baada ya jingine. Taa iwe ubavuni mwa jiwe, nyuma yake pawe na kitu cheusi, na mwanga usikupige machoni. Umeme ukikatika, tochi ya simu inatosha.

Jiwe langu lilipofutwa na kutazamwa hivyo, vidoa vilivyosalia vilikuwa viputo. Vya mviringo, vyenye kingo nene na nukta ya mwanga katikati, na kimoja kimevutika kama kiluwiluwi. Mzee akaweka karatasi nyembamba nyeupe mbele ya taa ili mwanga utulie, akaniambia nizungushe jiwe taratibu. Kwenye pembe moja tu ikaonekana mistari myembamba iliyopinda, kama ile ya santuri.

Mistari hiyo ina sababu. Mwaka 1902 Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza njia ya kutengeneza yakuti kwa kudondosha unga kupitia moto mkali. Unga unayeyuka na kujijenga tabaka juu ya tabaka, kama kichuguu chenye kilele cha mviringo, basi tabaka zinabaki zimepinda. Yakuti ya ardhini hukua kwa nyuso bapa, hivyo mistari yake hunyooka na kukutana kwa pembe. Mara nyingine ndani yake mna sindano nyembamba zinazokatana.

Mafundi saa mnacheka, na mna haki. Jiwe langu la laki nane ni ndugu wa yale mawe mekundu ya kwenye mashine za saa mnazofungua kila siku. Ninyi sheria yenu ni ileile, ila mna jambo la ziada: kwa sentimita 2.5 pumzi yenu inaangukia kwenye springi ya balansi, na unyevu huleta kutu. Elekezeni pumzi pembeni. Mkitazama jiwe la saa, shukeni kwa tabaka mpaka mafuta yaonekane: duara safi lililozunguka ncha ya ekseli linafaa, bali yakishatambaa hadi ukingoni, au yakawa kahawia na kunata, saa hiyo inataka kuoshwa.

Lupu ina mwisho wake. Kuna mawe ya kiwandani yaliyokuzwa kwa njia nyingine, hayana mistari ya kupinda kabisa. Na jiwe lisilo na chochote ndani halijakuambia kitu, wala usilipie kwa sababu ya usafi huo. Lipelekwe penye vipimo vingine.

Taa ipo mezani, kibano na kitambaa vipo. Piteni mmoja mmoja. Viputo ni vinne, ila nimelipaka vumbi kwa makusudi, kwa hiyo atakayeniambia saba namrudisha nyuma ya foleni.