Kuchagua Gari la Milimani: Injini Yenye Tabo na Injini Isiyo na Tabo

Ndugu wasikilizaji, nawashukuru kwa kufika. Wengi wenu mnaishi Mbeya, Njombe na Makete, na mnanunua magari yaliyojaribiwa Dar es Salaam, mahali ambapo gari lolote huonekana kuwa na nguvu. Leo ningependa tuzungumzie barabara moja tu, ile inayotoka Chimala kupanda kwenda Matamba na kuendelea hadi uwanda wa Kitulo, kwa sababu gari litakaloimudu barabara hiyo likiwa na mzigo halitasumbuka kwingine katika nyanda zetu za juu.

Chimala ipo kwenye kimo cha takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo barabara inaparamia ukingo wa milima ya Kipengere kwa zile kona ambazo watu huziita Hamsini na Saba, nayo Kitulo yenyewe ipo kwenye mita 2,600 hivi. Injini haichomi mafuta peke yake, bali huchoma mafuta pamoja na hewa, na hewa ya Kitulo ni nyepesi. Kanieneo ya hewa pwani ni kilopaskali 101, ilhali Kitulo ni 74 hivi. Hata tukizingatia kwamba baridi ya huko huikaza hewa kidogo, kila silinda inayojijaza yenyewe inapata takriban asilimia 77 ya hewa ambayo ingepata Dar es Salaam. Kwa hiyo injini isiyo na tabo, yaani isiyo na feni ya kuisukumia hewa ndani, inapoteza karibu robo ya nguvu zake, na hakuna fundi awezaye kuirudisha kwa kusafisha plagi au kubadilisha chujio. Kwa makadirio ya haraka, hesabuni asilimia 10 kwa kila mita 1,000.

Mtu anaweza kusema kwamba robo si kitu, kwa kuwa gari lenye nguvu za farasi 100 litabakiwa na 75, nazo zinatosha. Hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopotea, kwa sababu nguvu za farasi zinazoandikwa kwenye karatasi hupatikana injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, na hakuna anayetoka kwenye kona kali kwa mizunguko hiyo. Tufanye hesabu pamoja. Chukueni gari dogo la familia lenye injini ya lita 1.5 isiyo na tabo na gia za mkono. Likiwa na abiria watano na magunia machache, uzito wake wote unafika kilo 1,500. Mwinuko ni asilimia 12, yaani mita 12 za kupanda kwa kila mita 100 za kwenda mbele, na chini kuna changarawe. Ili gari hilo lisirudi nyuma wala kupungua mwendo, matairi yanatakiwa kusukuma kwa nguvu ya nyutoni 2,100 hivi.

Sasa dereva ametoka kwenye kona akiwa gia ya pili, injini ikizunguka mara 2,000, mwendo ukiwa kilomita 30 kwa saa. Pwani, injini ya namna hiyo ingetoa nyutoni 2,500 kwenye matairi, kwa hiyo gari lingeendelea kupanda na hata kuongeza mwendo kidogo. Kitulo, injini hiyohiyo katika gia hiyohiyo inatoa nyutoni 1,900 tu. Zinahitajika 2,100 na zimepatikana 1,900, basi gari linapungua mwendo, mizunguko inashuka, nguvu inazidi kupungua, na dereva asipowahi kuingiza gia namba moja gari linazima katikati ya mlima huku roli la viazi likiwa nyuma yake. Akiwahi, gia ya kwanza inampa nyutoni 3,600 hivi, nazo zinatosha kabisa, lakini mwendo wake ni kilomita 16 kwa saa, na akitaka kwenda kasi zaidi injini itapiga kelele njia nzima. Gari halijaharibika. Limekosa hewa tu, likabaki katikati ya gia mbili ambazo moja haitoshi na nyingine ni nzito mno.

Tabo huja kuziba pengo hilo. Ni feni ndogo inayozungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, nayo huikandamiza hewa na kuisukuma ndani ya silinda. Tuseme injini imekusudiwa kujazwa hewa hadi kilopaskali 180. Pwani tabo inaongeza 79 juu ya 101 zilizopo. Kitulo, kompyuta ya gari la kisasa inapima kanieneo, inaona pungufu, na inaiachia tabo izunguke kwa kasi zaidi ili iongeze 106 juu ya 74. Mpaka hapo dereva hahisi tofauti kubwa. Hata hivyo kazi hiyo ina gharama, kwani tabo inayozunguka kwa kasi zaidi huipasha hewa joto zaidi, na ikifika kikomo chake kompyuta huizuia ili isivunjike. Magari ya zamani, ambayo tabo zake huongozwa na springi badala ya kompyuta, huongeza kiasi kilekile popote yalipo. Kwa mfano wetu, hapa 74 ikijumlishwa na 79 inakuwa 153 badala ya 180. Upungufu huo ni wa asilimia 15, nao ni afadhali kuliko robo, ila si kweli kwamba gari lenye tabo halipotezi chochote milimani, kama wauzaji wanavyopenda kusema.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji, nami naliona zito kuliko yote. Tabo huzungushwa na moshi, na injini inayozunguka polepole hutoa moshi kidogo. Chini ya mizunguko 1,500 hivi, tabo ipo lakini haifanyi kazi. Katika hali hiyo, gari la petroli lenye injini ya lita 1.2 na tabo ni gari la lita 1.2 tu, tena linalovuta hewa nyepesi, na kwa muda huo ni dhaifu kuliko lile la lita 1.5 tulilolihesabu. Kwenye barabara iliyonyooka hali hiyo hupita bila mtu kuitambua. Kwenye Hamsini na Saba inarudi kila kona, kwa sababu kila kona humlazimisha dereva kupunguza mwendo karibu na kusimama, kisha kudai nguvu mara moja mahali palipo wima kuliko pote. Anakanyaga mafuta, hakuna kitu, sekunde moja inapita, ya pili inapita, halafu nguvu inakuja kwa kishindo na tairi linateleza kwenye changarawe. Gia za otomatiki zinazoungana na injini kwa kiungo cha oili hupunguza tatizo hilo, kwa sababu huiruhusu injini kuzunguka haraka hata gari likiwa karibu kusimama. Mwenye gia za mkono lazima ajifunze kuingia konani akiwa tayari kwenye gia ya kwanza.

Kwa hiyo, kwa mtu anayebeba mzigo kila wiki kati ya Chimala na Matamba, ushauri wangu ni dizeli yenye tabo, ya lita 2.5 au 3, kwa sababu hata kabla tabo haijaamka, injini ya ukubwa huo ina nguvu ya kulitoa gari konani. Kwa familia inayopanda mara chache kwa mwaka, petroli ya lita 1.8 au 2 isiyo na tabo inatosha, ilimradi gia yake ya kwanza iwe nzito. Ile ya lita 1.2 yenye tabo nisingeipendekeza kwa barabara hii, ingawa kwa safari ya Mbeya kwenda Iringa ni gari zuri.

Dizeli kubwa zisizo na tabo, kama ile ya lita 4.2 ya Landkruza nyingi za miradi na hospitali, zina sifa ya kudumu, nami siipingi. Ila zitazameni zikipanda Kitulo: moshi mweusi. Pampu ya zamani inaendelea kumimina dizeli ya pwani ndani ya silinda zenye hewa ya mlimani, mafuta hayaungui yote, na joto la moshi linapanda. Baadhi ya pampu zina kifaa cha kupunguza dizeli kulingana na kimo. Pale ambapo hakipo, dereva apunguze kukanyaga mpaka moshi ukatike, kwani mafuta ya ziada hayaongezi nguvu.

Kuhusu joto, niseme machache. Maji Kitulo huchemka kwenye nyuzi 91 au 92, na injini nyingi hufanya kazi karibu na joto hilo au kulizidi. Kinachozuia rejeta isichemke ni mfuniko wake unaoshikilia mgandamizo. Mfuniko uliolegea hautawasumbua Dar es Salaam, lakini huku utamwaga maji kwenye kona ya ishirini, na mtu atadhani gasketi imeungua. Ubadilisheni kabla ya kitu kingine chochote.

Anayenunua gari lililotumika lenye tabo alijaribu mlimani likiwa na watu ndani. Achomeke kisomeo cha bei nafuu kwenye soketi iliyo chini ya dashibodi, kisha atafute kwenye simu yake kipimo kinachoitwa MAP, akihakikisha kinaonyeshwa kwa kPa. Funguo ikiwa imewashwa lakini injini haijawaka, namba hiyo ni kanieneo ya hewa ya mahali alipo: mjini Mbeya itakuwa karibu 83. Apande mlima kwa gia ya pili, mizunguko ikiwa 2,500, na akanyage mafuta hadi mwisho. Gari lisilo na tabo haliwezi kuipita namba ile ya kwanza hata iweje. Gari lenye tabo linapaswa kuipita kwa mbali, lifike 150 au zaidi kwa aina nyingi, na kubaki hapo. Likifika 110 kisha likakwama, tabo imechoka au bomba la hewa lina ufa, na ufa wa namna hiyo mara nyingi hujionyesha kwa ukungu wa oili kwenye kiungio cha bomba pamoja na mlio wa kupuliza. Kisha aache injini ingurume bila kwenda kwa dakika mbili, akanyage ghafla, na atazame nyuma. Moshi wa bluu maana yake oili huenda inapenya kupitia tabo, au pistoni na vali zimechakaa, na kwa vyovyote vile bei ya gari hilo inabidi ishuke kwa kiasi cha matengenezo hayo, au liachwe.